Mota Iliyolowa Maji: Kupima Kihami Kabla ya Kuwasha

Maji ya mafuriko yanapopungua, swali linaloulizwa kwenye kila mashine ya kusaga na kila pampu ya maji huwa ni moja: itawashwa lini? Baada ya siku mbili za jua mota huonekana kavu. Mwili wake wa chuma una joto, shafti inazunguka kwa mkono bila kukwama, na wenye haraka husema kwamba hakuna kinachosubiriwa. Swichi hubonyezwa, kishindo kifupi husikika, moshi hutoka, na mota ambayo ingeokolewa kwa siku tatu za uangalifu hupelekwa kwa fundi akaisuke upya koili zote. Makala haya yanaeleza jinsi hali ya ndani ya mota inavyoweza kujulikana kabla ya swichi kuguswa, kwa kutumia kifaa kimoja ambacho mafundi wengi wa umeme wanacho au wanaweza kukiazima.

Ndani ya mota mna koili za waya wa shaba zilizopachikwa katika mifereji ya chuma. Waya huo hauko wazi. Umepakwa vanishi nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na kati ya koili na chuma kuna karatasi ngumu ya kukinga. Vanishi na karatasi hiyo ndicho kihami, yaani kizuizi kinachoufanya umeme ubaki ndani ya shaba badala ya kupenya kwenye mwili wa mota. Uhai wote wa mota umo katika tabaka hilo jembamba. Maji yakiingia, karatasi huyanyonya kama inavyonyonya wino, na vitundu vidogo visivyoonekana katika vanishi hujaa unyevu. Maji safi kabisa hayapitishi umeme sana. Lakini maji ya mafuriko hubeba udongo, chumvi na mbolea za mashambani, na mchanganyiko huo huupa umeme njia.

Mota ikiwashwa katika hali hiyo, umeme unaovuja huwa kidogo mwanzoni, pengine sehemu ndogo tu ya ampea. Hatari haitokani na wingi wake bali na mahali unapopitia. Hupita katika sehemu moja finyu, huipasha joto, maji yaliyomo huchemka ghafla, vanishi hupasuka na karatasi huungua ikabaki masizi. Masizi hupitisha umeme vizuri kuliko maji. Kilichokuwa unyevu unaoweza kukaushwa huwa sasa ni jeraha lisiloponyeka. Na ikiwa waya wa ethi wa mota umekatika au haukufungwa sawasawa, mwili wote wa mashine unaweza kuwa na umeme, na anayemimina mahindi kwenye faneli ndiye atakayeugundua.

Kifaa kinachopima afya ya kihami mafundi hukiita mega. Kwa umbo hakitofautiani sana na maltimita ya kawaida: kina nyaya mbili na kioo cha kusomea. Tofauti yake iko katika nguvu ya umeme kinayotumia. Maltimita hupima ukinzani kwa volti chache tu za betri yake, na kihami dhaifu huweza kustahimili volti hizo chache bila kuonyesha kasoro yoyote. Ndiyo maana fundi mwenye maltimita husema kwa nia njema kwamba mota haina shoti, kisha mota hiyohiyo ikaungua saa ileile. Mega hupeleka volti 500 za umeme usiogeuka mwelekeo, kiasi kinachozidi kwa mbali kidogo kile ambacho kihami cha mota ya volti 400 hukutana nacho kila siku kazini. Kisha hupima ni umeme kiasi gani umepenya, na kuonyesha jibu kwa megaomu, ambazo kiooni huandikwa MΩ. Namba kubwa maana yake kihami kinazuia. Namba ndogo maana yake kinavujisha. Baadhi ya mega zina uchaguzi wa volti 250, 500 na 1000. Kwa mota za volti 400 zinazotumika vijijini, 500 inatosha, na hakuna sababu ya kuiadhibu mota iliyolowa kwa volti 1000.

Volti 500 zinaumiza. Kwa hiyo kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme, ile inayotolewa na EWURA, na mwenye mashine hapaswi kuazima mega akajaribu mwenyewe. Hata hivyo inafaa mwenye mashine, au kamati ya maji, ajue hatua zinavyokwenda, kwa sababu yeye ndiye anayelipa na ndiye anayesukuma kwamba mambo yaharakishwe.

Kwanza, swichi kuu huzimwa na kufungwa kwa kufuli, na fundi huhakikisha kwa kupima kwamba hakuna umeme kwenye nyaya. Pili, nyaya zinazotoka kwenye kiwashio hufunguliwa kabisa kutoka kwenye kisanduku cha mota. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mota ikipimwa ikiwa bado imeunganishwa, namba inayopatikana ni ya mota, kebo na kiwashio kwa pamoja, na haiwezekani kujua ni kipi kati ya vitatu hivyo kinachovujisha. Tena, pampu nyingi za siku hizi, hasa zile zinazotumia nguvu ya jua, huendeshwa na kisanduku cha kielektroniki; volti 500 za mega zikikiingia, kisanduku hicho huharibika papo hapo. Kwa mota ndogo za laini moja, kapasita nayo huondolewa na kutolewa chaji yake kwanza.

Katika kisanduku cha mota ya laini tatu kuna skrubu sita zenye alama U1, V1, W1 na U2, V2, W2, zilizounganishwa kwa vipande vya shaba. Vipande hivyo huondolewa baada ya kuchora au kupiga picha jinsi vilivyokaa, ili koili tatu zitengane. Kisha mega yenyewe hujaribiwa: ncha zake zikiachwa mbalimbali isome kikomo chake cha juu, zikigusishwa isome sifuri. Sasa waya mmoja hufungwa kwenye chuma cha mwili wa mota, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king’ae, na mwingine kwenye koili ya kwanza. Koili mbili zilizobaki huunganishwa na mwili. Kwa mpango huo kipimo kimoja huonyesha mvujo wa koili kuelekea chuma na kuelekea koili jirani pia. Kitufe hubonyezwa, na namba husomwa baada ya dakika 1 kamili, si kabla, kwa sababu katika sekunde za mwanzo namba hupanda polepole jinsi kihami kinavyojaa chaji. Baada ya hapo koili huunganishwa na mwili kwa muda usiopungua dakika 4 ili chaji iliyobaki itoke, ndipo mkono uguse. Zoezi hilo hurudiwa kwa koili ya pili na ya tatu.

Namba imepatikana, ni nzuri au mbaya? Kiwango namba 43 cha taasisi ya wahandisi wa umeme ya IEEE kinataka mota za aina hii zisipungue megaomu 5, zikipimwa kwa dakika 1, koili zikiwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Mafundi wa zamani hutaja megaomu 1 na nusu hivi. Hawakosei, hiyo ni kanuni ya mota zilizosukwa kabla ya miaka ya 1970, ambayo huchukua kilovolti za mota na kuongeza moja. Ifahamike pia kwamba 5 ni kizingiti cha chini tu. Mota ndogo iliyo kavu na yenye afya husoma mamia ya megaomu. Iliyosoma 300 mwaka jana ikisoma 6 leo imevuka kizingiti, lakini kuna jambo lililoisibu.

Yale maneno kuhusu nyuzi 40 si ya kupitiwa haraka. Kihami kikipata joto, ukinzani wake hushuka, na kwa makadirio hupungua nusu kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Mota inayosoma megaomu 8 kwa nyuzi 30 ingesoma 4 kwa nyuzi 40, yaani imeshindwa ingawa kiooni inaonekana kufaulu. Kinyume chake, inayosoma 8 kwa nyuzi 60 ingesoma takribani 32 kwa nyuzi 40, na hiyo haina tatizo. Namba ya mega isiyoandikwa joto pembeni yake haiambii mtu kitu. Aidha, kupima alfajiri mota ikiwa baridi kuliko hewa huleta umande juu ya koili na kuonyesha ubaya usiokuwapo. Ni heri kusubiri jua lipande.

Chukuliwe mfano wa mota mbili zilizokaa chini ya maji ya mto usiku wa siku mbili. Ya kwanza ni ya kilowati 7.5, inayoendesha mashine ya kusaga. Ilikuwa imezimwa tangu jioni maji yalipoingia. Ya pili ni ya kilowati 5.5, ya pampu inayosukuma maji kwenda kwenye tangi la kijiji; hiyo ilikuwa inafanya kazi maji yalipoifikia, na ilisimama pale fyuzi zilipokatika.

Siku ya kwanza, zote mbili zilisoma vibaya. Koili tatu za mota ya kusagia zilitoa 0.08, 0.08 na 0.1. Za mota ya pampu zilitoa 0.09, 0.07 na sifuri. Mtu akizitazama namba hizo juujuu angesema mota zote zimekufa, na wapo ambao wangezipeleka zote kusukwa upya siku hiyohiyo. Lakini kipimo cha mota iliyolowa hakitoi hukumu. Kinaeleza tu kwamba imelowa, jambo lililokwisha kujulikana. Hukumu hutokana na jinsi namba zinavyobadilika mota inapokaushwa.

Kabla ya kukausha, mota hufunguliwa na kuoshwa. Kuosha kwa maji kitu ambacho shida yake ni maji huwashangaza wengi, lakini tope likikaukia katikati ya koili haliondoki tena, na chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa kila usiku. Vifuniko vya pande mbili huondolewa, rota hutolewa, na koili humwagiwa maji safi yasiyo na nguvu nyingi, ya uvuguvugu yakipatikana, hadi yanayotoka yawe meupe. Beringi zilizolowa hazioshwi. Hubadilishwa, kwani grisi iliyochanganyika na maji haina kazi tena na bei ya beringi mpya ni ndogo ukilinganisha na ya mota. Kwa walio pwani ambao mota zao zimeingiwa na maji ya bahari au ya mikokoni, kuosha hurudiwa mara kadhaa. Dalili ya chumvi iliyobaki inajulikana: mota hukaushwa, namba hupanda vizuri, ikiachwa usiku kucha namba huporomoka asubuhi bila kuguswa na maji. Hiyo irudishwe kwenye kuoshwa, isirudishwe kwenye joto.

Kukausha kunahitaji joto la wastani na hewa inayopita. Kisanduku cha mabati chenye matundu juu kinatosha, na chanzo cha joto kinaweza kuwa feni ya umeme ya hewa moto au balbu za kizamani zinazotoa joto, zisiguse koili. Kipimajoto huwekwa kwenye koili zenyewe, na joto hupandishwa polepole hadi kati ya nyuzi 70 na 85. Likipita 90 mapema, maji yaliyojificha ndani ya karatasi hugeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka na hupasua kihami kutoka ndani. Jiko la mkaa chini ya mota, ambalo limezoeleka mahali pengi, huunguza upande mmoja huku upande wa pili ukibaki umelowa, tena hupaka masizi palepale pasipotakiwa masizi. Kuipitishia mota umeme kidogo ili ijikaushe yenyewe ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vyake. Kuiwasha kwa kujaribu si njia ya kukausha.

Wakati wa kupima joto hilo huzimwa kwanza, na mota hupimwa kila baada ya saa kadhaa. Mota ya kusagia ilianza na 0.08 ikiwa na nyuzi 28. Baada ya saa 3, ilipofika nyuzi 70, ilisoma 0.03. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Namba imeshuka, nao huamini kwamba joto limeiua mota, wakaacha. Lakini kushuka huko kulitarajiwa kwa sababu mbili: joto lenyewe hupunguza ukinzani, na maji yaliyokuwa yametulia sehemu moja huanza kusambaa ndani ya kihami yakitafuta njia ya kutoka. Baada ya saa 8 ilisoma 0.05, karibu pasipo mabadiliko. Saa ya 14 ilisoma 0.4. Saa ya 20 ilisoma 3, saa ya 26 ikasoma 9, saa ya 30 ikasoma 11, na saa ya 34 ikasoma 11 tena, joto likiwa nyuzi 80. Namba zilishuka, zikalala, zikapanda, kisha zikatulia. Kutulia huko juu ndiko kunakoonyesha kwamba maji yamekwisha. Mtu anayeondoa mota kwenye joto wakati namba bado zinapanda anaacha maji ndani.

Je, 11 inatosha? Kutoka nyuzi 80 hadi 40 kuna hatua 4 za nyuzi 10, na kila hatua huongeza namba mara mbili: 22, 44, 88, 176. Mota ilipoachwa ipoe hadi nyuzi 40 ilipimwa tena na kusoma 160, ikikaribiana na hesabu na kupita kizingiti kwa mbali. Fundi aliiacha mega iendelee kwa dakika 10 bila kuachia kitufe, na namba ikapanda taratibu hadi 400. Kupanda huko kuna maana yake. Kihami kikavu hujaa chaji polepole, hivyo namba huendelea kukua. Kilicholowa huvujisha mfululizo, na namba husimama mahali pamoja. Namba ya dakika 10 ikigawanywa kwa ya dakika 1, hapa 400 kwa 160, jibu ni 2.5, na kwa vihami vya siku hizi jibu lisipungue 2. Kwa mota ndogo kama hizi, hata hivyo, uwiano huo ni shahidi wa ziada tu, kwani huweza kujaa mapema kabla ya dakika 10. Mota isihukumiwe kwa huo peke yake.

Mota ya pampu ilikaushwa katika kisanduku kilekile, kwa saa zilezile. Koili mbili zake zilifuata njia ileile, na zilipopoa zikasoma 140 na 150. Ya tatu ilipanda kutoka sifuri hadi 0.3, ikakaa hapo. Saa 12 zaidi za joto hazikuiongezea kitu. Hapo jibu lilikuwa limepatikana, na ndiyo sababu ya kuzitenganisha koili kabla ya kupima: zingepimwa kwa pamoja, ile mbaya ingezificha zile nzuri na kosa lisingejulikana lilipo. Kurunzi ilipomulikwa mwisho wa mfereji mmoja lilionekana doa jeusi, dogo kama punje ya mtama, mahali vanishi ilipoungua. Mota hiyo ilikuwa na umeme ndani yake maji yalipoifikia, na hilo lilitosha. Hiyo ilistahili kusukwa upya. Ile ya kusagia, iliyoanza na namba zilizokaribiana nazo, haikustahili.

Mwenye mashine anayeambiwa kwamba mota yake haifai, au kwamba iko tayari, ana haki ya kuuliza mambo matatu: kila koili imesoma ngapi baada ya dakika 1, joto la koili lilikuwa nyuzi ngapi, na namba zilikwendaje tangu kukausha kulipoanza. Fundi aliyefanya kazi atakuwa na majibu katika karatasi.

Mega ina mipaka yake, nayo ijulikane. Huona mvujo kati ya koili na chuma, au kati ya koili na koili. Haioni nyuzi mbili za koili ileile zilizogusana baada ya vanishi yao kuharibika, kwa sababu kwa mega waya huo ni mmoja tu. Kwa hiyo kipimo cha pili hufuata, cha ukinzani wa shaba yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila koili, kwa kifaa kinachoweza kutofautisha sehemu ndogo za omu. Koili tatu zinatakiwa zilingane karibu sawa. Mota ya kusagia ilitoa omu 2.14, 2.15 na 2.13, na hapakuwa na shaka. Ingetoa 2.14, 2.15 na 1.7, mega ingeweza kusoma hata 500 na bado mota ingeungua. Pampu za kisima zinazozamishwa, nazo, zina hesabu tofauti, kwani zimeundwa kukaa majini na kipimo chake huchukua pamoja na kebo ndefu inayoteremka kisimani. Maelezo haya yasitumike kwa hizo.

Mota iliyopona isirudishwe kwenye kiwashio kilichozama nayo bila kukikagua. Kebo hupimwa peke yake kwa mega. Sakiti breka zilizolowa tope hubadilishwa, kwa kuwa hakuna njia ya nje ya kuthibitisha kwamba zitakata siku zitakapohitajika. Waya wa ethi hufuatwa kwa macho na kwa kipimo hadi mwisho wake ardhini, kwa maana mafuriko huchimbua nguzo zake bila mtu kujua.

Ndipo mota huwashwa, mkanda ukiwa umevuliwa ili izunguke bila mzigo. Mwelekeo wa mzunguko hutazamwa kwanza, kwani nyaya zilizorudishwa kwa kubadilishana nafasi huigeuza. Umeme wa laini zote tatu hupimwa kwa klampu: mota ya kilowati 7.5, ambayo huvuta takribani ampea 15 ikiwa na mzigo kamili, bila mzigo huvuta kiasi cha theluthi hadi nusu ya hizo, na laini tatu zikaribiane. Baada ya saa moja huzimwa, hufungiwa tena kufuli, na hupimwa kwa mega ingali na joto. Mota ya kusagia ilisoma 70 ikiwa na nyuzi 50. Namba hiyo, pamoja na tarehe na joto, iliandikwa kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa kifuniko cha kisanduku chake, mahali ambapo fundi atakayeifungua masika yajayo ataiona kabla ya kitu kingine chochote. Mkanda ukavishwa mchana huo.